Kwa nini uzi wa buibui una nguvu, na tumboni unatokaje

*"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Tanga. Nyuma ya nyumba yetu, kati ya mwembe na ukuta, kuna buibui mkubwa mwenye utando wa manjano. Asubuhi nikipita bila kuuona unanikatikia usoni. Sasa mwanangu wa darasa la saba kaja na habari kwamba uzi wa buibui una nguvu kuliko chuma, na eti uzi mnene kama penseli unaweza kusimamisha ndege ya abiria. Mbona mimi naukata kwa pua? Na uzi wote huo anautoa wapi kwenye tumbo dogo vile? Kama una nguvu hivyo, kwa nini hatuvai nguo zake? Halafu mama mkwe huchukua utando akaubandika kwenye kidonda damu isitoke. Ni sawa?"*

Salama, dada. Wewe na mwanao wote mna haki, ila kila mmoja anapima kitu chake. Wewe unapima uzi mmoja kama ulivyo pale mwembeni. Yeye anapima kile ambacho uzi huo umeundwa nacho, na hapo lazima unene uhesabiwe.

Uzi mmoja wa aina wanayotumia buibui kujining'inizia una unene wa milimita 0.004 hivi. Unywele wa mtu ni mnene zaidi ya mara kumi ya hapo. Uzi mwembamba kiasi hicho ukiufungia kitu cha gramu moja na nusu, unakatika. Buibui mwenyewe huutoa ukiwa jozi, nyuzi mbili zimeambatana, ndiyo maana unambeba. Wewe mwenye kilo zako hamsini au sitini huwezi hata kuhisi kwamba kuna kitu kilikuzuia.

Tuuongezee unene basi, tuone. Vipimo ninavyotumia ni vya buibui wa bustani wa Ulaya, Araneus diadematus, kwa kuwa uzi wake umepimwa sana maabara. Huyo wa kwenu, kwa maelezo yako, ni wa kundi la Trichonephila, na uzi wake wa kujining'inizia ni wa daraja lilelile. Zikusanye nyuzi za milimita 0.004 mpaka zifikie kamba ya milimita moja, zishikane bila nafasi katikati. Utahitaji nyuzi 62,500. Kamba hiyo itabeba karibu kilo 88 kabla ya kukatika. Waya wa chuma cha pua kigumu cha daraja la juu, wa unene huohuo wa milimita moja, utabeba kilo 120 hivi. Kwa hiyo, unene kwa unene, chuma kizuri kinashinda.

Sasa vitie kwenye mizani. Kilomita moja ya kamba ile ya buibui ina uzito wa kilo moja, na kilomita moja ya ule waya ina kilo sita. Ukigawa mzigo kwa uzito, uzi wa buibui unakishinda chuma kile zaidi ya mara nne. Mwanao akirudi kusimulia shuleni, aseme "kwa uzito uleule", na mwalimu wake hatakuwa na la kupinga.

Lakini hata hilo silo jambo kubwa la uzi huu. Kubeba mzigo uliotulia vitu vingi vinaweza. Kazi ya utando ni kusimamisha kitu kinachokuja kwa kasi, na hapo kinachohitajika ni kumeza nishati. Chukua nyuki wa gramu 0.1 anayeruka mita 3 kwa sekunde. Nishati aliyonayo ni juli 0.00045. Uzi mmoja wa buibui wenye unene tuliousema na urefu wa sentimita 20 unaweza kumeza juli 0.0004 kabla haujakatika. Maana yake nyuzi mbili tu zikigawana kishindo, nyuki amesimama. Waya wa chuma wa vipimo hivyohivyo unameza juli 0.000015. Zingehitajika waya thelathini kumsimamisha nyuki yuleyule, ingawa kila mmoja wao ni mgumu kukatika kuliko uzi wa buibui. (Kwenye utando halisi hewa nayo husaidia kumpunguza kasi, lakini uwiano kati ya vitu hivi viwili haubadiliki.)

Tofauti inatoka kwenye kuvutika. Chuma kile kigumu huvutika chini ya asilimia moja ya urefu wake, kisha pa, kimekatika. Uzi wa buibui huvutika zaidi ya robo ya urefu wake, na muda wote huo unaendelea kushika. Nishati ni nguvu mara umbali, na chuma kinakosa umbali. Tena kuna la ziada ambalo watu wengi hawalijui: sehemu kubwa ya nishati inayoingia kwenye uzi huu, karibu theluthi mbili, hugeuka joto. Uzi ungekuwa unairudisha yote kama mpira, nyuki angerushwa alikotoka, na buibui angelala njaa.

Habari ya ndege na penseli sasa unaweza kuipima mwenyewe. Kamba ya buibui yenye unene wa milimita 7 ingebeba tani nne na kidogo. Ndege ya tani 70 inayotua kwa mita 70 kwa sekunde ina nishati ya juli milioni 170 hivi. Kwa kamba ya unene huo, ili nishati yote imezwe, ingetakiwa iwe na urefu wa karibu kilomita 28. Kwa hiyo kauli hiyo si uongo mtupu, ila anayeisimulia hasemi urefu, na kamba kama hiyo haijawahi kuwepo popote.

Kabla sijaingia tumboni mwa buibui, nenda na mwanao pale mwembeni mkafanye jaribio. Utando una nyuzi za kazi tofauti. Zile zinazotoka katikati kwenda pembeni, na zile za fremu zilizofungwa mtini na ukutani, ni za aina tuliyoipigia hesabu. Zile zinazozunguka ndizo zenye gundi. Gusa mojawapo ya zinazozunguka kwa ncha ya kalamu safi, uvute taratibu. Itanata na kufuata kalamu, ikirefuka hadi mara mbili au tatu ya urefu wake kabla haijaachia. Kisha fanya hivyo kwa uzi wa fremu: haunati, haukufuati mbali, na utahisi utando mzima ukitikisika. Uzi wa gundi una nguvu kama nusu tu ya ule wa fremu, lakini kwa kuvutika kwake unameza nishati karibu sawa. Kwenye utando wa Trichonephila mtaona pia mizunguko mikavu isiyonata katikati ya ile yenye gundi. Hiyo ni ngazi ya kukanyagia wakati wa kujenga. Buibui wengine wa utando wa duara huikata wanapoweka gundi. Huyu wa kwenu huiacha.

Sasa uzi wenyewe ni nini. Ni protini, kama zilivyo protini za nyama, maziwa na kucha zako, imejengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Molekuli moja ya protini ya uzi huu ni mnyororo wa vipande zaidi ya 3,000, na ukiusoma mnyororo huo utachoka, maana unarudia maneno yaleyale. Kuna fungu fupi la alanini tupu, kipande kimoja kikijirudia, kisha fungu refu zaidi lenye glisini nyingi, halafu alanini tena, glisini tena, mara mia hivi.

Nguvu yote imo kwenye kupokezana huko. Mafungu ya alanini ya minyororo jirani hulaliana bapa kwa bapa, yakajipanga kwa utaratibu mkali na kuwa fuwele, ndogo kiasi kwamba ukipanga mia moja hazifikii hata robo ya unene wa uzi. Mafungu ya glisini hayajipangi. Yanabaki yamejikunja ovyo kati ya fuwele. Ukivuta uzi, sehemu zilizojikunja hunyooka kwanza, na kunyooka huko ndiko kuvutika unakokuona. Fuwele zenyewe hushika minyororo isiteleze ikaachana. Ungeondoa fuwele, ungebaki na kitu cha kuvutika kisicho na nguvu. Ungeondoa sehemu zilizojikunja, ungepata kitu kigumu kinachovunjika mara moja.

Kinachozishika fuwele hizo pamoja ni vifungo vya haidrojeni, ambavyo kimoja kimoja ni dhaifu mno. Hapa ndipo udogo wa fuwele unapofanya kazi. Fuwele ikiwa ndogo, vifungo vyake vinabeba mzigo kwa pamoja, vyote kwa wakati mmoja, na vikiachia vinaweza kushikana tena. Ikiwa kubwa, inapinda, mzigo unaangukia vifungo vichache vya pembeni, vinaachia, kisha vinavyofuata, mpaka yote imefunguka. Kwa hiyo uzi mzuri haupatikani kwa kuwa na protini nzuri tu. Fuwele lazima zikome kukua zikiwa ndogo, na zielekee upande mmoja na uzi. Hilo huamuliwa wakati wa kutengeneza, na ndilo linalonileta kwenye tumbo.

Buibui jike wa utando wa duara ana aina saba hivi za tezi tumboni: ya uzi wa fremu na kujining'inizia, ya ile ngazi, ya kiini cha uzi wa kunasia, ya gundi, ya kubandikia uzi mtini, ya kuviringishia windo, na ya mfuko wa mayai. Zote zinafungukia kwenye vichuchu vidogo mwishoni mwa tumbo. Tuifuate ile ya uzi wa fremu peke yake.

Tezi hiyo ina mkia mwembamba unaotengeneza protini, kisha mfuko unaoihifadhi, kisha mfereji mrefu uliokunjwa na kuzidi kuwa mwembamba kadiri unavyokaribia nje. Ndani ya mfuko hakuna uzi. Kuna kimiminika kizito, ambacho theluthi moja hadi nusu yake ni protini. Mtu wa maabara akijaribu kuyeyusha protini kiasi hicho kwenye maji, kwa kawaida itaganda mabonge mbele ya macho yake. Ya buibui haigandi kwa sababu minyororo ina kofia kwenye ncha zake mbili, vipande vinavyopenda maji, na hizo ndizo zinazoizuia isishikane kabla ya wakati.

Buibui anapotaka uzi, kimiminika kinaingia mferejini, na mambo matatu yanatokea njiani. La kwanza ni chumvi: sodiamu na kloridi, zilizokuwa zikisaidia protini kubaki imeyeyuka, zinapungua, na potasiamu na fosfeti zinaongezeka, ambazo huisukuma protini itoke kwenye maji. La pili ni tindikali. Kwenye mfuko kipimo cha pH ni 7.6 hivi, na kufikia nusu ya mfereji kimeshuka hadi 5.7, kwa kazi ya kimeng'enya kinachogeuza kabonidioksidi na maji kuwa tindikali. Tindikali hiyo inazigusa kofia mbili kwa namna mbili tofauti. Kofia ya mwanzo wa mnyororo inashikana na kofia ya mwanzo ya mnyororo mwingine, mbili mbili, ikiunganisha molekuli kuwa mlolongo usio na mwisho. Kofia ya mwisho inalegea na kufunguka, na inaaminika kwamba hapo ndipo fuwele zinapopata pa kuanzia.

La tatu ni kuvutwa, na hili ndilo watu hulikosea zaidi. Buibui hasukumi uzi nje kama dawa ya meno. Anaubandika mahali kisha anaondoka, au anajiachia aanguke, au anauvuta kwa miguu ya nyuma, na ule uzito au mguu ndio unaoutoa. Umewahi kuinua kijiko kwenye mlenda? Uzi unatoka, unarefuka, kisha unalegea na kurudi chunguni, kwa sababu molekuli zake hazijafungana. Kwenye mfereji wa buibui kuvuta kunazinyoosha na kuzilaza molekuli upande mmoja katika wakati uleule ambapo chumvi na tindikali zimeziweka tayari kufungana. Zikishalala zinajifunga, maji yanabanwa nje, na kinachotoka ni uzi mkavu usioyeyuka tena majini. Karibu na kichuchu kuna vali ya kubana uzi, ndiyo breki yake anaposhuka kutoka darini. Akivuta haraka, uzi hutoka mgumu zaidi. Akivuta polepole, hutoka wenye kuvutika zaidi. Yote hayo kwa maji, bila moto na bila kemikali kali.

Na tumbo dogo? Uzi wa mita 30 wa unene tuliousema una uzito wa nusu ya miligramu. Hata ukiongeza maji uliokuwa nayo ukiwa kimiminika, ni miligramu moja au moja na nusu, na buibui wa kwenu ana uzito wa mamia ya hiyo. Isitoshe, buibui wengi wa utando wa duara hula utando wao wa zamani, na protini ile hurudi kwenye tezi kutengeneza uzi mpya. Huyo wako kwa kawaida habomoi wote kwa pamoja. Huondoa kipande kilichochakaa akakijenga upya, ndiyo maana unaukuta palepale wiki hadi wiki.

Nguo zimeshatengenezwa. Nchini Madagaska walitumia ndugu wa buibui wako huyo, Trichonephila inaurata, na mwaka 2009 Simon Peers na Nicholas Godley walionyesha New York kitambaa cha rangi ya dhahabu ya asili, bila kutiwa rangi. Walifuata mbinu ya kasisi Mfaransa, Paul Camboué, aliyekuwa Madagaska mwishoni mwa karne ya 19. Buibui majike waliokotwa porini, wakafungwa taratibu 24 kwa pamoja kwenye kifaa kidogo, uzi ukavutwa kutoka kwa kila mmoja, kisha wakaachiwa warudi porini. Nyuzi 96 zilisokotwa kupata uzi mmoja wa kufumia. Kitambaa kile kimoja kilihitaji buibui zaidi ya milioni moja na kazi ya miaka minne.

Kufuga nako hakuendi, kwani buibui wakiwekwa pamoja wanalana. Viwavi wa nondo wa hariri wanakula majani ya mforsadi na kukaa maelfu kwenye trei moja, kwa hiyo hariri ya dukani itabaki kuwa ya nondo. Halafu kuna maji. Uzi wa fremu wa buibui ukilowa bila kushikwa ncha zote mbili hujikunyata, na unaweza kupungua hadi nusu ya urefu wake, kwa sababu maji yanalegeza vifungo na zile sehemu zilizonyooshwa zinajikunja tena. Mtini haidhuru, kwani ncha zimefungwa na umande unaukaza utando. Kwa shati la kufua ni balaa.

Njia nyingine ni kuichukua jeni ya buibui na kumpa kiumbe mwingine atengeneze protini. Kampuni ya Nexia ya Kanada iliweka jeni hiyo kwa mbuzi, protini ikatoka kwenye maziwa, lakini kampuni haikudumu. Siku hizi hutumiwa zaidi bakteria na hamira. Shida mara nyingi ni ileile. Jeni inayojirudia sana huwasumbua viumbe hao, hivyo protini hutoka fupi, na minyororo mifupi inateleza mapema. Ikitoka ndefu, bado mtu hana mfereji. Akiipitisha kwenye sindano ndani ya kemikali ya kugandisha, mara nyingi fuwele hutoka kubwa au hazielekei upande mmoja, na uzi unavunjika mapema.

Sasa la mama mkwe, na hapa tafadhali zungumza naye kwa heshima, kwa kuwa hakulitoa hewani. Utando kwenye kidonda ni dawa ya kale, Ulaya pia waliitumia, na nyuzi nyingi nyembamba kweli zinaweza kuisaidia damu ipate pa kugandia. Madaktari wa Hannover, Ujerumani, waliwahi kutumia uzi wa buibui hawa wa dhahabu kuunganisha mishipa ya fahamu ya kondoo iliyokatwa pengo la sentimita sita, na mishipa ikaota kuufuata uzi. Lakini uzi wao ulivutwa moja kwa moja kutoka kwa buibui na kuuliwa vijidudu. Utando wa mwembeni au darini una vumbi, mabaki ya wadudu na kinyesi cha mijusi, na vumbi linaweza kubeba vijidudu vya pepopunda. Hakuna faida ya utando inayolingana na hatari hiyo, wakati kitambaa safi kinasimamisha damu vizuri zaidi.

Kidonda kibonyezwe kwanza kwa kitambaa safi dakika kumi mfululizo bila kuchungulia, na damu ikisimama kioshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Nendeni kituo cha afya mara moja ikiwa damu haijasimama baada ya dakika hizo, na siku hiyohiyo ikiwa kidonda kimeingia ndani sana au kimetokana na msumari, kuumwa na mnyama au kitu chenye udongo, au ikiwa hamkumbuki mara ya mwisho mgonjwa alichanjwa pepopunda. Kama utando umeshabandikwa, msiukwangue kwa nguvu; uloweni kwa maji safi utoke, na mwelezeni mhudumu kwamba uliwekwa. Taya kukaza, shingo kuwa ngumu au kushindwa kumeza, hata wiki kadhaa baada ya kidonda kupona, ni hospitali mara moja.

Buibui mwenyewe mwacheni pale mwembeni. Kwa kawaida haumi mtu asiyemshika, na akiuma ni maumivu madogo ya muda. Njia ya kupita inyoosheni upande wa pili wa mti, au kateni kwa fimbo uzi mmoja wa fremu ulio upande wa njia, jioni. Akisumbuliwa hapo siku kadhaa mfululizo, mara nyingi huhamisha utando kwenda pembeni.